Saa tatu za kwanza za mkate wa sinia

Usiku wa siku ya nne ya Ramadhani mwaka jana, tarawehe ikiwa imekwisha na watu wameanza kumiminika mabarazani, mama mdogo alinipa simu yake bila kusema neno. Chaneli ni yake: anapika, mimi nashika kamera, nahariri na kutunza hesabu. Kwenye skrini palikuwa na video ya mkate wa sinia tuliyoipandisha saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa na umri wa saa tatu na ilikuwa imetazamwa mara 310. Chini yake YouTube Studio iliandika `10 of 10`, yaani kati ya video zetu kumi za karibuni, kila moja ikipimwa kwa umri uleule, hii ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

"Hii imekufa, mwanangu," akasema. "Ibadilishe kabla ya watu kuiona ilivyokufa."

Nilikubaliana naye, tena nilikuwa na hesabu ya kumuunga mkono. Siku nne nyuma, Jumamosi ya kuamkia mfungo, tulikuwa tumepandisha video ya matembezi ya sokoni Marikiti, hapa Mombasa: tende, malimau, mirundo ya mihogo, watu wakisukumana. Hiyo katika saa zake tatu za kwanza ilitazamwa mara 1,900. Matembezi yalikuwa yameushinda mkate mara sita. Nikabadilisha jina la video ya mkate usiku uleule, na kijipicha chake pia, na kabla ya daku tulikuwa tumeshapanga kutumia siku mbili za wiki iliyofuata kupiga matembezi mengine mawili.

Baada ya siku thelathini matembezi ya Marikiti yalikuwa yametazamwa mara 4,600. Mkate wa sinia ulikuwa umefika 9,300. Ninachotaka kuonyesha hapa ni namna tulivyokosea, kwa sababu kosa halikuwa kule kuamini kwamba kasi ya mwanzo ina habari. Inayo. Kosa lilikuwa katika kuisoma.

Kanuni niliyoitumia usiku ule sikuitoa hewani. Nilikuwa na lahajedwali la video zetu 22 zilizotangulia. Kwa kila moja nilikuwa nimeandika ilitazamwa mara ngapi katika saa tatu za kwanza, na mara ngapi ilipotimiza siku thelathini, kisha nikagawanya ya pili kwa ya kwanza. Nikazipanga nambari hizo kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati, ikawa 7. Kwa hiyo nilikuwa nikizidisha hesabu ya saa tatu kwa saba na kuiita makisio ya mwezi. Nilichukua ya katikati badala ya wastani wa kawaida kwa makusudi, maana video moja iliyopanda mara 60 ingeuvuta wastani wote upande wake.

Kufikiri kwa kuzidisha namna hii kuna msingi mzuri. Gabor Szabo na Bernardo Huberman, waliokuwa watafiti wa maabara ya HP, walichapisha mwaka 2010 kazi ambayo hadi leo ndiyo inayotajwa kwanza jambo hili likizungumzwa. Walichukua habari zilizopandishwa kwenye tovuti ya Digg, ambako wasomaji walizipigia kura habari zilizowapendeza, na video za YouTube, wakalinganisha umaarufu wa mwanzo na wa siku ya thelathini. Wakaona kwamba ukizitazama hesabu kwa logi, zinalingana karibu katika mstari mmoja. Maana yake kwa lugha ya dukani ni kwamba aliyeanza na mara mbili humaliza na takriban mara mbili. Kinachokua ni uwiano, wala si nyongeza ya idadi fulani kwa kila mtu.

Lakini kazi yao ina sehemu ya pili ambayo niliisoma haraka nikaipita. Kwa Digg, saa mbili za kwanza zilitosha kukisia siku ya thelathini kwa kosa la asilimia 10 hivi. Kwa YouTube, ili kosa liwe dogo kiasi hicho, iliwabidi wazifuate video kwa siku kumi. Tofauti inatokana na maisha ya kitu chenyewe. Habari ya Digg ilikuwa ikizeeka ndani ya siku moja, kwa kuwa habari mpya ziliisukuma chini na hakuna aliyerudi kuitafuta. Ukiihesabu kwa saa mbili umeshaona sehemu kubwa ya uhai wake. Video inaweza kutafutwa wiki ijayo, ikapendekezwa mwezi ujao, ikarudi mwakani. Saa zake mbili ni tone.

Sasa rudi kwenye lahajedwali langu na uulize ile saba ilikuwa ya video gani. Niliporudi kuzitenganisha zile 22 baada ya yaliyotupata, nilikuta ni aina mbili zilizochanganywa kapu moja. Tisa zilikuwa za matukio na matembezi: soko, feri ya Likoni siku ya msongamano, Idd pale Makadara. Katika hizo, hesabu ya mwezi ilikuwa kati ya mara 2 na mara 4 na kidogo ya hesabu ya saa tatu. Kumi na tatu zilizobaki zilikuwa za mapishi, na hizo zilianzia mara 6 hadi kufika mara 60, ya katikati yao ikiwa 14. Hakuna tukio hata moja lililokaribia saba, na mapishi mengi yaliipita mbali. Saba ilikuwa mpaka baina ya makundi mawili, nami nikaifanya kipimo cha yote.

Ukirudia makisio kwa vipimo viwili tofauti, matembezi ya Marikiti, kwa kuzidisha 1,900 kwa 3, yanapewa 5,700 badala ya ile 13,300 niliyomtangazia mama mdogo. Hiyo haiko mbali na 4,600. Mkate kwa kuzidisha kwa 14 unapewa 4,340. Bado ni chini ya nusu ya uliokuja kupata, lakini tayari tumetoka kwenye giza kubwa. Kilichobaki kilikuwa kwenye saa yenyewe.

Mama mdogo alitaka video itoke saa kumi na mbili ili watu waione kabla ya kufuturu. Mwezi ule Maghribi kwa Mombasa iliingia baada ya saa kumi na mbili u nusu. Fikiria basi wafuatiliaji wetu walikuwa wapi. Nusu saa ya kwanza wako jikoni, mikono ina unga na uji uko motoni. Kisha adhana, tende, futari, swala. Kisha Isha na tarawehe hadi saa tatu usiku. Video iliishi saa zake tatu za kwanza wakati simu zimelala kwenye mito. Ile ya Marikiti ilitoka saa tatu asubuhi, Jumamosi, watu hawajafunga, wako nyumbani na simu mkononi.

Szabo na Huberman walilikuta tatizo hilihili na namna walivyolitatua ni nzuri kwa urahisi wake. Badala ya kupima umri wa habari kwa saa ya ukutani, waliupima kwa shughuli ya tovuti nzima: saa moja ni muda unaochukua tovuti kupokea kura kiasi fulani. Usiku saa hiyo hurefuka, mchana hufupika. Nikajaribu vivyo hivyo. Studio inaonyesha kutazamwa kwa chaneli saa kwa saa kwa saa 48 zilizopita, na nina mazoea ya kupiga picha ya skrini kila jioni, kwa hiyo nilikuwa nazo. Video zetu za zamani, zikiwekwa pamoja, hutazamwa wastani wa mara 60 kwa saa. Hiyo nikaiita saa moja ya chaneli.

Asubuhi ya Marikiti, video za zamani zilitazamwa mara 240 katika saa tatu za ukutani. Hizo ni saa nne za chaneli. Jioni ya mkate, video hizohizo zilitazamwa mara 70 tu, yaani saa moja na dakika kumi za chaneli. Mkate haukuwa na umri wa saa tatu ulipohukumiwa. Kwa kipimo cha watu waliokuwapo, ulikuwa na umri wa saa moja na ushei.

Gawanya upya. Marikiti ni 1,900 kwa saa nne, sawa na 475 kwa saa ya chaneli. Mkate ni 310 kwa saa moja na dakika kumi, sawa na kama 265. Ushindi wa mara sita umekuwa hata mara mbili haufiki.

Halafu kuna walikotoka watazamaji, na hapa ndipo penye jambo ninalotamani kila mwenye chaneli alijue. Nambari ya kutazamwa hufika upesi, lakini mchanganuo kamili wa vyanzo huchelewa, mara nyingine siku moja au mbili. Kwa hiyo katika saa ya tatu una kasi mkononi na sababu yake huna. Usiku ule niliona 1,900 na 310. Kesho yake jioni ndipo nilipoona ndani yake.

Katika zile 1,900 za Marikiti, 1,150 zilitoka nje ya YouTube, na nilijua zimetoka wapi: binamu yangu alikuwa ametupa linki kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, mojawapo la jamaa walioko Ghuba, ambao siku ya kuamkia Ramadhani wana hamu ya kuona Marikiti kuliko sisi tulio hapa. Mara 420 zilitokana na arifa, na 330 zilizobaki zilitoka pengine. Waliotoka WhatsApp walitazama kwa wastani wa dakika moja na sekunde kumi katika video ya dakika kumi na moja. Waliangalia, wakaona nyumbani, wakafurahi, wakaandika salamu kwenye grupu, yakaisha. Hawana sababu ya kurudi, na YouTube haikujifunza lolote kutoka kwao la kumpelekea mtu mwingine.

Katika 310 za mkate, 180 zilitokana na arifa, 60 kwenye ukurasa wa mwanzo, 40 nje, na 30 ni watu walioandika wenyewe kwenye kisanduku cha utafutaji. Wastani wa kutazama ulikuwa dakika nne na sekunde hamsini katika video ya dakika nane. Hao 30 ni wachache, na kwenye hesabu ya jumla hawaonekani. Lakini ni wageni. Mtu aliyeandika kwamba mkate wake unazama katikati, jioni ya mfungo, ameketi na tatizo lake, na kesho atakuwapo mwingine mwenye tatizo lilelile.

Ukiwatoa waliotoka nje kwa pande zote mbili, Marikiti inabaki na 750 kwa saa nne za chaneli, kama 188 kwa saa. Mkate unabaki na 270 kwa saa moja na dakika kumi, kama 231. Video niliyoambiwa imekufa, nami nikakubali, ilikuwa inakimbia kuliko ile tuliyoisherehekea.

Siku zilizofuata zilisema waziwazi zaidi. Marikiti siku ya kwanza ilitazamwa mara 3,100, ya pili 520, ya tatu 240, ya nne 130. Mkate siku ya kwanza mara 640, ya pili 410, ya tatu 380, ya nne 390, na ya saba 430. Angalia mwendo huo. Moja inaporomoka kama jiwe la kisimani, nyingine inatulia kwenye sakafu na kuanza kutembea. Riley Crane na Didier Sornette walilieleza umbo hili mwaka 2008 baada ya kufuatilia karibu video milioni tano za YouTube. Video iliyosukumwa kutoka nje, isiyoenea baina ya watu, hufika kilele ghafla na kilele hicho hubeba sehemu kubwa ya jumla yake. Inayoenea yenyewe, kilele chake ni sehemu ndogo ya jumla. Siku ya kwanza ya Marikiti ilikuwa theluthi mbili ya mwezi wake mzima. Siku ya kwanza ya mkate ilikuwa asilimia 7.

Nirudi kwa lile jina nililolibadilisha, kwa sababu ndilo linaloniuma. Jina la kwanza lilikuwa "Mkate wa sinia: kwa nini unazama katikati". Mama mdogo ndiye aliyelitoa, kutokana na swali analoulizwa kila mwaka, na jibu lake liko dakika ya tatu ya video: anainua mwiko wenye mchele uliosagwa na kuonyesha namna unavyodondoka, kwamba ukiwa mwepesi kama maji mkate utaumuka haraka na kuanguka, na kwamba hamira ikishapandisha mara moja usiukoroge tena kwa nguvu. Hilo ndilo watu waliloandika kwenye utafutaji, karibu neno kwa neno. Mimi nikaweka mahali pake jina la kushangaza, "Mkate wa Mama hutaamini ulivyotoka". Kesho yake jioni, nilipoona orodha ya maneno ya utafutaji, nikalirudisha la zamani. Ile siku ya pili ya mara 410 ilikuwa chini ya jina bovu kwa sehemu kubwa. Siwezi kusema ingekuwa ngapi bila mkono wangu, na hilo ni hasara ya pili: ukiigusa video katika saa zake za kwanza, unaharibu pia kipimo chako. Hutajua tena kama kilichotokea ni cha video au ni chako.

Matembezi mawili tuliyoyapiga wiki iliyofuata, kwa kufuata ile 1,900, yaliishia mara 900 na mara 1,100 kwa mwezi. Hayakuwa mabaya. Hayakuwa na mkesha wa Ramadhani nyuma yake, wala jamaa wa Ghuba wenye hamu. Siku hizo mbili tungeweza kupiga kaimati na vibibi wakati watu wanavitafuta.

Sitaki mtu aondoke akidhani kwamba ukirekebisha saa na kuondoa WhatsApp umepata darubini. Kwa video hizi mbili hesabu ya saa peke yake inapendeza: kasi ya mkate kwa saa ya chaneli, mara tatu, mara 14, inatoa kama 11,100 dhidi ya 9,300 za kweli, na Marikiti kwa njia hiyo, kwa kipimo chake cha 3, inatoa kama 4,300 dhidi ya 4,600. Lakini 14 niliipata kwa saa za ukutani, si za chaneli, kwa hiyo kulingana huko ni kwa bahati kwa sehemu. Na ninayo video ya mahamri ya kunikumbusha. Saa tatu za kwanza mara 280, mwezi mara 2,100, kila kitu chini ya makisio. Wiki ya sita YouTube ikaanza kuiweka kando ya video kubwa ya mpishi mwingine, na ilipofika miezi sita ilikuwa imetazamwa mara 58,000. Nimeipekua siku yake ya kwanza mara nyingi nikitafuta dalili. Hamna. Kilichoipandisha hakikuwapo duniani siku ile, kwa sababu hata ile video ya mwenzetu ilikuwa haijapandishwa.

Kwa hiyo siku hizi nazitumia saa za kwanza kwa kazi mbili tu. Kwa video za matukio naziamini karibu kabisa: feri ikikwama asubuhi, ikifika adhuhuri najua video hiyo itaishia wapi, na kama ni kuongeza ya pili, naongeza siku hiyohiyo. Kwa mapishi naziangalia kujua kama kuna kilichovunjika, sauti haipo, linki haifunguki, arifa hazikwenda. Uamuzi wa kupiga nyingine ya aina hiyo unangoja siku ya nne. Nagawanya siku ya nne kwa siku ya pili. Mkate ulitoa 390 kwa 410, karibu moja. Marikiti ilitoa 130 kwa 520, robo. Siku ya pili naitumia kwa sababu wimbi la arifa na magrupu limeshapita, na mfuatano wa siku nzima unafuta tofauti ya saa za futari na saa za asubuhi.

Mama mdogo hakuridhika na siku nne. Alisema Ramadhani yote ni siku thelathini, utangoja nne kila mara? Ana haki, na kwa msimu mfupi tumekubaliana kwamba mapishi ya mfungo yapandishwe mwezi wa Shaabani, siku ya nne iwe imepita kabla mwezi haujaandama.

Baada ya Idd mkate wa sinia ulishuka hadi mara 40 kwa siku, ukakaa hapo miezi mingi, ukishtuka kidogo majira ya harusi. Shaabani ya mwaka huu, bila sisi kugusa chochote, ulipanda hadi 90, kisha 200, na siku ya tatu ya mfungo ukapita 700 kwa siku moja, zaidi ya siku yoyote ya mwaka ulipozaliwa. Mama mdogo alinipa simu tena, baada ya tarawehe, pale pale barazani. Alikuwa amefungua maoni, ambako mwanamke mmoja ameandika kuwa wake bado umezama. Akaniambia nimwandikie kwamba asiusage mchele na maji mengi, na nimuulize kama sinia lake lilikuwa limepata moto sawasawa.